Pointi Zilezile, Udongo Tofauti

Chukua mraba wa ardhi wenye upande wa mita 10. Mpima amepiga kigingi katika kila pembe na kusoma mwinuko wake. Pembe mbili zinazotazamana kwa ulalo zina mwinuko wa mita 101, na mbili zilizobaki zina mita 100. Vipimo vyote ni sahihi, hakuna hata sentimita iliyopotea. Mwenye kiwanja anauliza swali jepesi: juu ya usawa wa mita 100 pana udongo kiasi gani wa kuondoa?

Jibu moja ni mita za ujazo 67. Jibu jingine ni 33. Yote mawili yanatoka katika vigingi vilevile vinne, na kompyuta inaweza kutoa lolote kati ya hayo bila kumwonya mtu.

Chanzo chake ni hiki. Vigingi vinne havisemi ardhi iko vipi katikati. Ili kupata uso mzima, mraba hugawanywa kuwa pembetatu mbili, na kila pembetatu huchukuliwa kuwa bapa. Ukichora ulalo kutoka 101 hadi 101, katikati ya mraba panakuwa mgongo wenye mwinuko wa 101, na ardhi inashuka pande mbili. Ukichora ulalo mwingine, wa 100 hadi 100, katikati panakuwa bonde la 100, na pembe mbili za juu zinabaki zimeinuka peke yake. Kwa mgongo, kila pembetatu ina pembe mbili zilizo mita 1 juu ya usawa na moja iliyo sifuri. Wastani wake ni theluthi mbili ya mita, na eneo la pembetatu zote mbili ni mita za mraba 100, ndiyo 67. Kwa bonde, wastani ni theluthi moja tu, ndiyo 33.

Hilo ndilo jambo ambalo anayelipia lori za kifusi anastahili kulijua kabla ya kukabidhiwa karatasi yenye hesabu ya kuchimba na kujaza. Hesabu yenyewe kompyuta haikosei. Kinachoamua kiasi cha udongo ni jinsi pointi zilivyounganishwa, na muunganiko huo unatokana na maamuzi yaliyofanywa kiwanjani, na mtu aliyeshika fimbo.

Programu za kazi hii, kama Civil 3D au QGIS isiyolipiwa, huunganisha pointi kwa kanuni inayobeba jina la Boris Delaunay, mwanahisabati wa Kisovieti aliyeichapisha mwaka 1934. Kanuni inasema hivi: ukichora duara linalopita katika pembe tatu za pembetatu yoyote, ndani ya duara hilo isiwemo pointi nyingine. Matokeo yake ni pembetatu zilizonenepa, si zile ndefu nyembamba, na kwa kawaida hilo ni jambo jema kwa sababu kila sehemu ya uso inategemea pointi zilizo jirani nayo. Ila kanuni hii hutazama ramani kutoka juu tu. Haiangalii mwinuko hata kidogo. Haijui mgongo, haijui bonde, haijui ukuta.

Na katika mraba kamili kanuni inakosa la kusema, kwa sababu pembe zote nne hukaa juu ya duara moja. Ulalo wowote unakubalika, kwa hiyo programu huchagua kwa jinsi ilivyotengenezwa, pengine kwa kufuata tu pointi ipi iliingia kwanza. Ndiyo maana siupendi utaratibu wa kupima kiwanja kwa gridi ya mita 10 kwa 10 na kuishia hapo. Unaonekana wa nidhamu, na karatasi yake inapendeza, lakini gridi inaanguka popote inapoangukia. Haifuati ardhi.

Mpima mzuri hufuata mahali mteremko unapobadilika. Akiwa kwenye kiwanja chenye ukingo, kwa mfano pale jirani alipochimba zamani akaacha kingo ya nusu mita, utamsikia akimwelekeza kijana mwenye prizma: “Simama juu kabisa ya ukingo. Haya. Sasa shuka, weka fimbo mguuni pake, pale pale unapoanza usawa.” Kijana akiuliza, “Mzee, si nimeshachukua hapa?” ataambiwa achukue tena, kwa kuwa juu na chini ya ukingo ni mistari miwili tofauti, hata kama imeachana kwa hatua moja. Akichukua ya juu tu, kisha pointi inayofuata iwe mita 8 mbele, kompyuta itachora mteremko mpole wa mita 8 mahali ambapo ardhi inakatika ghafla. Kabari yote ya udongo iliyo katikati, ambayo haipo duniani, itaingia kwenye hesabu.

Mkondo wa maji ndio hatari zaidi, na viwanja vingi vya milimani vinao. Tuseme maji ya mvua yamechimba mfereji wenye umbo la V, upana wake juu ni mita 2 na kina chake mita 1, urefu mita 20. Mpima amechukua pointi kingo zote mbili, hakushuka ndani kwa sababu kuna matope na miiba. Pembetatu zitaruka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kama shuka iliyovutwa juu ya vigingi, na mfereji utatoweka kwenye uso. Eneo la umbo hilo la V ni mita moja ya mraba, mara urefu wa 20, ni mita za ujazo 20 za kujaza ambazo hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Zitaonekana siku ya kazi, pale kifusi kitakapokwisha kabla shimo halijajaa.

Na hata akishuka ndani na kuchukua pointi za sakafu ya mfereji, bado haitoshi. Kama pointi za sakafu zimeachana kwa mita 6 na kingo zimeachana kwa mita 2 tu, kanuni ya Delaunay mara nyingi itapendelea kuunganisha ukingo na ukingo, kwa kuwa ndio walio karibu. Matokeo yake ni mfereji uliojaa mabwawa: shimo kwenye kila pointi ya sakafu, na daraja la udongo kati ya shimo na shimo. Dawa ni kuiamuru programu. Mpima huunganisha pointi za sakafu kwa mstari mmoja, na za kila ukingo kwa mstari wake, akaiambia kwamba pembetatu yoyote isivuke mistari hiyo. Ndani ya Civil 3D huingizwa chini ya `Breaklines`. Kwa ule mraba wetu wa mwanzo, penye ulalo mmoja tu wa kurekebisha, amri ya `Swap Edge` hugeuza ulalo kwa kubofya mara moja. Lakini ili ajue ageuze au aache, lazima awe ameliona eneo, au awe na mchoro aliouchora kwa penseli siku ya kupima. Mchoro huo mdogo, wenye mishale ya mteremko na neno “korongo” pembeni, mara nyingi ni wa thamani kuliko pointi 50 za ziada.

Pointi zenyewe huingia kwenye kompyuta kama faili la maandishi matupu. Mistari minne ya faili la namna hiyo, kutoka eneo la Goba, Dar es Salaam, inaweza kuwa hivi:

```
1,518720.00,9256130.00,104.02,ardhi
2,518740.00,9256130.00,103.97,ardhi
3,518726.40,9256118.75,102.88,ukingo_juu
4,518726.90,9256118.10,102.21,ukingo_chini
```

Namba ya pointi inatangulia, kisha umbali wa mashariki, wa kaskazini, mwinuko, na maelezo. Mpangilio huu programu huuita `PENZD`. Upo mwingine, `PNEZD`, ambao kaskazini hutangulia. Ukichagua usio wako, kiwanja kizima kinageuka kama kinachotazamwa kwenye kioo, na ajabu ni kwamba kiasi cha udongo kinaweza kutoka sawasawa huku mahali pa kuchimba pakiwa si penyewe. Kwa Dar es Salaam kuna njia rahisi ya kukagua kwa macho: namba ya mashariki ina tarakimu sita kabla ya nukta, na ya kaskazini ina saba na huanza na 9.

Mwinuko una mitego yake. GPS hupima urefu kutoka kwenye umbo laini la hesabu linaloiwakilisha dunia, si kutoka usawa wa bahari. Katika pwani yetu umbo hilo liko juu ya usawa halisi wa bahari kwa zaidi ya mita 20, na ndiyo sababu kifaa kisichorekebishwa kinaweza kukuambia kwamba ufuko wa Dar es Salaam uko chini ya sifuri. Kwa kusawazisha kiwanja kimoja hilo halina madhara, mradi pointi zote zimetoka kwenye kipimo kimoja. Madhara huja pale nusu ya pointi zilipopimwa kwa GPS na nusu kwa darubini iliyoanzia kwenye alama nyingine. Kwa kazi ndogo wapima wengi huchagua alama moja isiyosogea, tuseme kona ya zege la kisima, wakaipa mwinuko wa kudhania wa 100.00, na kila kitu kikaanzia hapo. Alama hiyo lazima ibaki hadi mwisho wa ujenzi. Fundi akiibomoa, vipimo vya awali haviwezi tena kulinganishwa na vya baadaye.

Kosa la kiwanjani linalojirudia kuliko yote ni la urefu wa fimbo. Prizma iko mita 1.5 juu ya ardhi, kijana anafika nyuma ya ua, anaipandisha hadi mita 2 ili ionekane, na aliye kwenye chombo hajaambiwa. Pointi zote za nyuma ya ua zitakaa nusu mita juu ya ukweli. Kosa jingine ni pointi isiyo na mwinuko: mahali palipoachwa wazi programu inaweza kusoma sifuri, na ghafla kiwanja cha mita 104 kina shimo la kwenda chini mita 104. Tena kuna pointi ambazo ni sahihi lakini si za ardhi, kama vile juu ya ukuta au mdomo wa chemba. Hizo hubaki kwenye ramani, ila haziruhusiwi kuingia kwenye uso.

Makosa haya hayaonekani ukisoma faili. Huonekana kwenye kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Iambie programu ichore kontua za kila sentimita 20 au 25, kisha tazama kwa utulivu. Miduara iliyobanana kuizunguka pointi moja ni dalili ya mwinuko wa uongo. Ngazi iliyonyooka mahali ambapo macho yako yaliona mteremko laini ni dalili kwamba fimbo ilibadilishwa urefu. Kontua za bonde zinapaswa kuchongoka kuelekea juu ya mkondo, moja baada ya nyingine. Zikikatika na kuwa vijiduara vilivyotenganishwa, yale mabwawa ya uongo yamekupata. Na pembezoni, pembetatu ndefu nyembamba zinazoruka nje ya kona ya kiwanja cha umbo la L zinaongeza ardhi ya jirani kwenye hesabu yako. Hizo huondolewa kwa kuchora mpaka wa nje, au kwa kuweka kikomo cha urefu wa upande wa pembetatu.

Uso ukishakubalika, hesabu ya ujazo ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Panahitajika nyuso mbili: ya ardhi ilivyo, na ya ardhi itakavyokuwa. Programu huzilaza moja juu ya nyingine, na kila pembetatu inakuwa nguzo yenye pembe tatu. Ujazo wa nguzo ni eneo lake mara wastani wa urefu wa pembe zake:

```
V = A × (h1 + h2 + h3) / 3
```

Pembetatu ya mita za mraba 12.5, ambayo pembe zake ziko mita 1.2, 0.9 na 0.6 juu ya usawa unaotakiwa, ina wastani wa 0.9, basi udongo wa kuchimba ni mita za ujazo 11.25. Uangalifu unatakiwa tu pale pembetatu inapokuwa na pembe nyingine juu ya usawa na nyingine chini. Chukua pembe za +0.6, +0.3 na −0.3. Wastani ni 0.2, na ujazo ni 2.5. Lakini 2.5 ni tofauti tu kati ya kuchimba na kujaza. Ukiikata pembetatu pale uso unapovuka sifuri, utapata kuchimba 2.71 na kujaza 0.21. Kwa pembetatu moja si kitu. Kwa kiwanja kizima, anayekuletea namba moja ya tofauti anakuficha kazi yenyewe: tofauti inaweza kuwa sifuri huku tingatinga likisogeza mamia ya mita za ujazo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Daima dai namba mbili.

Sasa tuchukue kiwanja cha mfano cha mita 20 kwa 30, mahali penye vilima kama Goba. Upande wa juu una mwinuko wa 104.0, wa chini 101.0, na ardhi inashuka sawasawa katika urefu wa mita 30. Yaani kila mita 10 unazotembea unashuka mita 1. Mwenyewe anataka kiwanja kizima kiwe bapa. Mchoraji anachagua usawa wa katikati, 102.50, ili udongo wa juu ujaze chini.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri mno. Nusu ya juu ni kabari yenye urefu wa mita 15, kimo cha mita 1.5 na upana wa mita 20. Zidisha na ugawe kwa mbili, unapata mita za ujazo 225 za kuchimba. Nusu ya chini ni kabari ileile iliyopinduliwa, 225 za kujaza. Tofauti ni sifuri, hakuna lori linaloingia wala kutoka, na mwenye kiwanja anapanga bajeti ya tingatinga peke yake.

Kuna vitu viwili ambavyo nyuso hizo mbili hazikuambiwa. Cha kwanza ni udongo wa juu wenye mizizi na majani. Huo haujengewi, na haufai kujazia kwa kuwa huoza na kutitia. Tukiuondoa kwa kina cha sentimita 15 katika mita za mraba 600, ni mita za ujazo 90. Ardhi yote imeshuka sentimita 15 kabla kazi haijaanza: sasa inatoka 103.85 hadi 100.85. Usawa wa 102.50 unaikuta ardhi mita 13.5 kutoka juu badala ya 15. Hesabu mpya ni kuchimba 182 na kujaza 272. Tumepungukiwa 90, zilezile tulizozitupa pembeni.

Cha pili ni kwamba udongo haubaki na ujazo wake. Ukiuchimba unavimba, ukiushindilia unabanana, na ukishindiliwa vizuri kwa tabaka nyembamba na maji ya kiasi, mara nyingi hubanana kuliko ulivyokuwa umelala ardhini. Tuseme kwa udongo huu mita moja iliyochimbwa hutoa 0.9 iliyoshindiliwa. Kiwango halisi hupatikana maabara, kwa kulinganisha uzito wa udongo ulivyo kiwanjani na uzito wake ukishindiliwa. Zile 182 zinajaza 164 tu. Pengo si sifuri, na si 90. Ni mita za ujazo 108 za udongo ulioshindiliwa.

Pengo hilo ligeuze kuwa lori. Ili kupata 108 zilizoshindiliwa kutoka kwenye udongo wa aina hiyohiyo, unachimba 120 mahali pengine. Zikipanda kwenye lori zimevimba. Tukichukua robo kama kiwango cha kuvimba, zinakuwa 150. Lori linalobeba mita za ujazo 15 litaleta tripu 10. Juu ya hizo, zile 90 za udongo wa mizizi nazo zimevimba kufikia karibu 113, zinahitaji tripu 8 za kuzitoa, isipokuwa kama pana bustani ya kuzipokea. Mradi uliosomeka kwenye karatasi kuwa hauna lori hata moja umefikia tripu 18.

Dawa yake haigharimu kitu, mradi ifanyike mapema. Usawa wa 102.50 haukuteremka kutoka mbinguni, mchoraji aliuchagua. Tukishusha uwanja kidogo, kuchimba kunaongezeka na kujaza kunapungua kwa pamoja, kwa hiyo hatua ndogo inazaa tofauti kubwa. Kwa kiwanja hiki jibu ni 102.31. Hapo unachimba 237, na tisa ya kumi yake ni 213, ambayo ndiyo hasa inayohitajika kujaza. Sentimita 19 zimefuta tripu 10 za kifusi. Programu inaweza kutafuta usawa huo yenyewe, ilimradi umeipa uso wa ardhi iliyokwisha kuondolewa mizizi na umejaza kipengele cha `Fill Factor`, ambacho kwa udongo wetu ni 1.11, yaani moja kugawanya kwa 0.9. Ukiiacha kwenye 1.00 ilivyokuja, itakutafutia usawa wa udongo usiobanana.

Bado karatasi haijaeleza kila kitu. Kwenye 102.31 upande wa chini una kimo cha kujaza cha karibu mita 1.46, na hauwezi kusimama wima wenyewe. Ukiuachia mteremko wa mita moja na nusu kwa kila mita ya kimo, unakula mita 2.2 za ardhi, na kama kujaza kumefika mpakani basi mita hizo ni za jirani. Kwa viwanja vya mita 20 kwa 30 maana yake ni ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, au uwanja bapa mdogo kuliko kiwanja. Ukichagua kuupunguza uwanja, hesabu nzima inarudiwa, kwa sababu kingo zake zenye mteremko nazo ni udongo. Vilevile nyumba itakayokaa nusu kwenye ardhi iliyochimbwa na nusu kwenye iliyojazwa itatitia kwa viwango viwili, na ufa utatokea karibu na mstari ule ambao kompyuta iliandika sifuri. Mpe mhandisi wa msingi ramani ya kuchimba na kujaza kabla hajachora. Mstari huo ndio wa kwanza atakaoutafuta.

Uaminifu wa namba hizi unapimika. Makosa madogo ya kubahatisha, sentimita 2 juu hapa na 2 chini pale, hufutana katika pointi nyingi na hayadhuru sana. Lisilofutika ni kosa linaloelekea upande mmoja. Sentimita 5 zilizozidi katika kila pointi, kwa mita za mraba 600, ni mita za ujazo 30. Ili kulikamata, mwombe mpima achukue pointi kumi au zaidi za ukaguzi ambazo hazitaingia kwenye kutengeneza uso, kisha alinganishe mwinuko wa kila moja na ule ambao uso unaonyesha mahali hapo. Zikitofautiana huku na huku, sawa. Zote zikiwa juu, au zote chini, kuna urefu wa fimbo au alama ya kuanzia iliyokosewa. Na pointi moja tu ikitofautiana kwa nusu mita, nenda usimame pale. Huenda pana ukingo ambao hakuna aliyeushukia.

Kwa kiwanja hiki kazi inadai vipimo vitatu: kabla ya chochote, baada ya kuondoa mizizi, na baada ya kushindilia. Cha kati ndicho watu hukiruka, kwa sababu greda linasubiri na kila saa inalipiwa, na kikipita hakirudi kwani uso ule umeshafunikwa. Bila hicho hakuna namna ya kujua kujaza kulianzia wapi. Tuseme mwenye kiwanja aling’ang’ania usawa wake wa 102.50. Mwenye lori ataleta hati za mita za ujazo 150, na mpima, akilinganisha kipimo cha pili na cha tatu kisha akatoa udongo uliochongwa palepale, atasema kutoka nje kimeingia kifusi cha 108. Hapo si lazima pawe na mwizi: mmoja amehesabu udongo ukiwa umevimba ndani ya lori, mwingine ukiwa umeshashindiliwa. Mkataba ndio unaotakiwa kusema tangu siku ya kwanza malipo yanafuata kipi.